Bei ikikwama karibu na namba kamili: ni opsheni zinazoisha muda au ni faharisi inayosawazishwa?

Ijumaa ya tatu ya Machi, Juni, Septemba na Desemba, soko la hisa la Marekani hukutana na mambo mawili kwa siku moja. Opsheni za mwezi na za robo mwaka huisha muda wake, na mabadiliko ya robo mwaka ya S&P 500 na faharisi za jamii yake huanza kutumika baada ya soko kufungwa, hivyo mifuko inayofuata faharisi hizo hulazimika kununua na kuuza jioni hiyohiyo. Mwenye hisa iliyokaa senti chache kutoka dola 50, 100 au 200 huona bei ikifanya mambo ambayo habari za kampuni hazielezi. Huenda ikagoma kuiacha namba hiyo kutwa nzima, au ikaruka ghafla katika dakika ya mwisho. Watu hutoa maelezo mawili kwa mambo hayo, na mara nyingi huyachanganya: bei imebanwa kwenye bei ya mkataba wa opsheni, au faharisi inasawazishwa upya. Makala haya yanayaweka maelezo hayo mawili bega kwa bega, kwa ajili ya mtu anayepaswa kuamua mapema wiki hiyo aongozwe na lipi anapopanga oda yake.

Tofauti ya msingi ni kwamba nguvu ya opsheni huitazama bei na kuijibu, kisha ina kikomo kinachoweza kukadiriwa. Nguvu ya faharisi haiitazami bei hata kidogo: mfuko unaotakiwa kununua hisa milioni tatu utazinunua zikiwa dola 99 au dola 104. Mengine yote yanayofuata yanatokana na tofauti hiyo.

Jinsi opsheni inavyoibana bei

Opsheni ya kununua humpa mwenye nayo haki ya kununua hisa 100 kwa bei iliyoandikwa kwenye mkataba, na opsheni ya kuuza humpa haki ya kuziuza kwa bei hiyo. Upande wa pili wa miamala mingi hukaa mtengeneza soko, ambaye hataki kubahatisha mwelekeo wa hisa. Yeye hujikinga kwa kushika au kuuza hisa zenyewe kwa kiasi kinacholingana na delta ya mikataba yake, yaani kiasi ambacho thamani ya opsheni hubadilika pale hisa inapopanda kwa dola moja. Delta nayo hubadilika kadiri bei inavyosogea, na kasi ya mabadiliko hayo ndiyo gama. Kwa opsheni ambayo bei ya hisa imekaa karibu na bei ya mkataba, gama hukadiriwa hivi:

```
gama = φ(d1) / (S × σ × √T)
```

φ(d1) ni kimo cha mchoro wa mgawanyo wa kawaida, ambacho ni kama 0.4 bei ya hisa ikiwa karibu na bei ya mkataba. S ni bei ya hisa, σ ni mtikisiko wake kwa mwaka, na T ni muda uliobaki kwa kipimo cha mwaka. Kwa kuwa √T iko chini ya mstari, muda unapokwisha gama hukua, na katika saa za mwisho hukua kwa kasi kubwa.

Sasa tuseme wateja wengi wameuza opsheni za dola 100 na watengeneza soko ndio walionunua. Hali hii ni ya kawaida pale wenye hisa wanapouza opsheni za kununua juu ya hisa walizonazo ili wapate kipato kidogo. Mtengeneza soko aliyenunua opsheni hujikinga kwa kuuza hisa bei inapopanda na kununua inaposhuka. Akifanya hivyo yeye na wenzake, kila mwendo wa kuiacha dola 100 hupata upinzani, na bei hurudishwa katikati. Huko ndiko kubanwa.

Hali ikiwa kinyume, matokeo nayo hugeuka. Wateja wakiwa wamenunua opsheni na watengeneza soko wamebaki na deni la mikataba, kujikinga kwao kunawataka wanunue bei inapopanda na wauze inaposhuka. Bei ya mkataba iliyokuwa kama sumaku huwa mahali panapoisukuma bei mbali. Kwa hiyo wingi wa mikataba iliyo wazi kwenye dola 100 hautoshi kusema bei itabanwa hapo. Lazima kujua mikataba hiyo imeshikwa na nani. Hapa ndipo michoro mingi inayosambazwa mitandaoni inapopwaya, kwa sababu takwimu za kila siku za mikataba iliyo wazi hazionyeshi upande wa mtengeneza soko. Anayechora mchoro hukisia, kisha mchoro wake huonekana kama kipimo.

Kwamba jambo lenyewe lipo, ushahidi upo. Mwaka 2005 Sophie Ni, Neil Pearson na Allen Poteshman walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba hisa zenye opsheni hufunga karibu na bei za mikataba mara nyingi kuliko kawaida siku opsheni zinapoisha. Walikadiria kwamba mwendo wa bei ya hisa hizo siku hiyo hubadilishwa kwa wastani wa angalau asilimia 0.165. Zaidi ya kujikinga kwa watengeneza soko, walikuta pia dalili kwamba baadhi ya kampuni zinazofanya biashara kwa fedha zao wenyewe huisukuma bei kwa makusudi. Ukubwa wa athari unastahili kutazamwa kwa utulivu, maana kwa hisa ya dola 100 ni kama senti 16 na nusu. Ni kiasi kinachopimika katika maelfu ya hisa, lakini kwa mtu mmoja mwenye hisa moja hufunikwa kwa urahisi na pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza opsheni.

Mfano wenye hesabu

Chukua hisa ya mfano iliyo kwenye dola 100, yenye mtikisiko wa asilimia 30 kwa mwaka, ambayo kwa kawaida huuzwa na kununuliwa hisa milioni nne kwa siku. Kwenye bei ya mkataba ya dola 100 ipo mikataba 20,000 iliyonunuliwa na watengeneza soko, yaani haki juu ya hisa milioni mbili.

Zikibaki siku tano za soko, gama ya kila opsheni ni kama 0.094. Hisa ikipanda kwa dola moja, watengeneza soko watahitaji kuuza hisa zipatazo 189,000, ambazo hazifiki asilimia tano ya biashara ya siku. Hakuna atakayeziona. Ikibaki siku moja, gama imefika 0.21 na kiasi hicho kimekuwa hisa 420,000 hivi, zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya biashara ya siku. Ikibaki saa moja, gama imepita 0.5, na mwendo wa senti 20 tu unaleta mauzo ya hisa zaidi ya 200,000 ndani ya saa hiyohiyo. Ndiyo maana mtu anayezungumzia kubanwa kwa bei tangu Jumatatu anazungumza mapema mno. Nguvu yenyewe huanza kuhisiwa Alhamisi jioni na hukomaa Ijumaa baada ya adhuhuri.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha mipaka miwili. Wa kwanza ni upana wa eneo. Siku moja kabla, eneo ambalo gama ina uzito ni takribani dola 1.90 kila upande, na saa moja kabla limebaki senti 75 hivi. Hisa iliyo kwenye dola 103 saa ya mwisho haivutwi na mikataba ya dola 100, kwa kuwa gama ya mikataba hiyo hapo ni karibu na sifuri. Kadiri nguvu inavyozidi, ndivyo eneo lake linavyopungua, na wanaotarajia bei itembee dola kadhaa Ijumaa mchana ili ifike kwenye namba fulani wanasubiri kitu ambacho hesabu haikiungi mkono.

Mpaka wa pili ndio utakaoamua mengi tutakapofika kwenye faharisi. Ikiwa mikataba yote 20,000 ni ya kununua, delta ya kila mmoja haiwezi kupita 1. Bei ikiwa kwenye dola 100, delta ni kama 0.5, na watengeneza soko wameshauza hisa milioni moja kama kinga. Bei ikipanda bila kurudi watauza milioni moja nyingine, na hapo wamemaliza. Hawana sababu ya kuuza hata hisa moja zaidi. Ukuta wa dola 100 una unene wa hisa milioni moja, na yeyote mwenye haja ya kununua zaidi ya hapo ataupita.

Jinsi faharisi inavyosukuma bei

Mfuko wa faharisi hupimwa kwa jinsi unavyolingana na faharisi yake. Faharisi hukokotolewa kwa bei za kufunga, kwa hiyo meneja anayetaka kukwepa tofauti hununua na kuuza kwenye mnada wa kufunga, yaani pale oda zinapokutanishwa kwa bei moja soko linapofungwa, siku ya mwisho kabla mabadiliko hayajaanza. Akipata bei mbaya pamoja na faharisi, hakuna atakayemlaumu. Lawama humfika akipata bei tofauti na ya faharisi, hata iwe nzuri. Ndiyo sababu mahitaji yake hayajali bei.

Mabadiliko hayawi siri. Kwa S&P 500, kampuni zinazoingia na kutoka katika usawazishaji wa robo mwaka kwa kawaida hutangazwa Ijumaa ya kwanza ya mwezi husika, wiki mbili kabla. Mabadiliko ya mwaka ya Nasdaq-100 hutangazwa Desemba na huanza kutumika baada ya Ijumaa ya tatu ya mwezi huo. Faharisi za MSCI hazifuati kalenda hii, kwani zake hufanyika siku ya mwisho ya soko ya Februari, Mei, Agosti na Novemba, kwa hiyo hazikutani na opsheni za Ijumaa ya tatu.

Turudi kwenye hisa yetu ya dola 100. Tuseme hisa zake zinazouzika huru sokoni zimeongezeka kutoka milioni 200 hadi milioni 215, na mifuko inayofuata faharisi hushika asilimia 20 ya hisa hizo. Uzito wake katika faharisi unaongezwa, na mifuko inahitaji asilimia 20 ya hisa milioni 15, yaani hisa milioni tatu. Ukuta wa opsheni tuliouhesabu ulikuwa wa milioni moja.

Hata hivyo itakuwa kosa kuhitimisha kwamba bei itaruka, maana tangazo lilitoka mapema na wapo wawahi, waliokwisha kununua kwa nia ya kuiuzia mifuko Ijumaa jioni. Wakiwa wamekusanya hisa milioni mbili na kuzileta zote mnadani, upungufu unabaki milioni moja, na hapo ukuta wa opsheni unaweza kuumeza. Wakiwa wamekusanya milioni nne kwa kudhani mahitaji ni makubwa kuliko yalivyo, bei itashuka jioni ileile ambayo kila mtu alitarajia ipande. Robin Greenwood na Marco Sammon wamechunguza hisa zilizoingizwa kwenye S&P 500 na kuonyesha kwamba ongezeko la bei lililofuata tangazo lilipita asilimia 7 kwa wastani katika miaka ya 1990, na limeshuka chini ya asilimia 1 katika muongo wa karibuni. Anayepanga biashara kwa kukumbuka simulizi za zamani za hisa zilizoingia kwenye faharisi anapanga kwa soko ambalo halipo tena.

Kwa hiyo katika upande wa faharisi mwelekeo hujulikana kwa urahisi, ila kiasi kinachobaki baada ya wawahi kujipanga hakijulikani mpaka dakika za mwisho. Katika upande wa opsheni mambo ni kinyume. Ukubwa wa mikataba huonekana kila asubuhi, lakini haijulikani kwa yakini kama nguvu hiyo itaivuta bei au itaisukuma.

Zinapokutana: Tesla, Desemba 18, 2020

Tesla iliingizwa S&P 500 baada ya soko kufungwa Ijumaa, Desemba 18, 2020, ambayo ilikuwa pia Ijumaa ya tatu na siku ya kuisha kwa opsheni za robo mwaka. Uamuzi wa kuiingiza ulitangazwa Novemba 16, hisa ilipokuwa dola 408 hivi. Waendeshaji wa faharisi walifikiria kuiingiza kwa awamu mbili kwa sababu ya ukubwa wake, kisha Novemba 30 wakatangaza kwamba itaingia yote kwa mara moja. Mifuko ilihitaji kununua hisa za makumi ya mabilioni ya dola jioni moja.

Alhamisi, Desemba 17, hisa ilifunga kwenye dola 655.90. Ijumaa ilitembea chini na juu, ikigusa karibu dola 628, na kwa sehemu kubwa ya siku hakuna aliyeona dalili ya mruko. Mnada wa kufunga ndio ulioipeleka dola 695.00, bei ya juu kabisa ya siku nzima. Hisa zipatazo milioni 222 zilibadilisha mikono siku hiyo. Jumatatu, Desemba 21, ilifunga dola 649.86, chini kidogo hata ya pale ilipokuwa Alhamisi. (Bei hizi ni za wakati huo, kabla ya mgawanyo wa hisa wa mwaka 2022.)

Mwenye kuamini nguvu ya opsheni peke yake angeweza kutaja bei za mikataba za 650 na 660 kama mahali pa kubanwa, kwa kuwa ndizo zilizokuwa karibu na bei ya Alhamisi. Mnada ulizipita zote kwa pamoja. Ni kweli kwamba 695 nayo ni bei ya mkataba, kwa sababu mikataba ya Tesla ilipangwa kwa hatua za dola tano, na kufunga kwenye 695.00 kamili kunavutia macho. Lakini hatua zikiwa za dola tano, hakuna bei iliyo mbali zaidi ya dola mbili na nusu na mkataba fulani, na mfano mmoja haupimi kitu. Zaidi ya hayo, Tesla ya mwaka ule ilipendwa sana na wanunuzi wadogo wa opsheni za kununua, na pale wateja wanapokuwa wanunuzi, watengeneza soko hubaki upande wa deni, ambao haubani bei.

Kilichotokea Jumatatu ndicho kinachotofautisha vizuri zaidi. Bei iliyosukumwa na faharisi ilirudi, kwa sababu mnunuzi asiyejali bei alikuwa ameshaondoka. Bei iliyobanwa na opsheni haina tabia hiyo. Mikataba ikiisha, breki inaachiwa, na hisa inaanza kutembea kwa uhuru kuelekea popote habari zitakapoipeleka. Mwendo wa Jumatatu unaweza kuwa mpana zaidi kuliko wa Ijumaa, lakini mwelekeo wake hautabiriki kutokana na kubanwa kwenyewe.

Faharisi yenyewe ikiwa karibu na namba kamili

Swali hubadilika kabisa pale kinachotazamwa si hisa moja bali S&P 500 yenyewe ikizungukazunguka 5,000 au 6,000. Hapo maelezo ya usawazishaji yanafaa kuwekwa kando karibu yote. Mfuko unaonunua kampuni inayoingia hupata fedha kwa kuuza zinazotoka na kupunguza nyingine, hivyo manunuzi na mauzo hulingana kwa jumla na kiwango cha faharisi hakisukumwi upande wowote kwa namna ya kudumu. Hisa moja moja zinaweza kuruka wakati jumla yake imetulia.

Opsheni za faharisi, kwa upande wake, zina jambo la saa linalowachanganya wengi. Opsheni za kawaida za mwezi za S&P 500, zenye alama ya SPX, husimama kuuzwa Alhamisi, na malipo yake huhesabiwa kwa bei za kufungulia za Ijumaa asubuhi za kila hisa iliyomo. Zile zenye alama ya SPXW huhesabiwa kwa bei ya kufunga. Kwa hiyo mkataba mkubwa wa SPX kwenye namba kamili umeshakufa asubuhi, na hauwezi kuwa sababu ya bei kukwama hapo Ijumaa alasiri. Anayetazama wingi wa mikataba bila kutenganisha alama hizi mbili atahesabu nguvu ambayo haipo. Tena tangu mwaka 2022 kuna opsheni za SPXW zinazoisha kila siku ya soko, na kubanwa kwa faharisi, pale kunapotokea, si jambo la Ijumaa ya tatu peke yake.

Namna ya kuchagua maelezo yanayokufaa

Hatua ya kwanza ni kuangalia kama hisa yako imo kwenye orodha ya mabadiliko yaliyotangazwa, na kukadiria hisa zitakazohitajika kama tulivyofanya kwenye mfano. Ikiwa haimo, au mahitaji hayafiki hata asilimia chache za biashara yake ya siku, faharisi iache. Hapo ulizia opsheni: je, bei iko ndani ya eneo jembamba la mkataba wenye wingi, na je, mwendo wake unapungua? Dalili ninayoiamini zaidi kuliko mchoro wowote ni bei kuuvuka mstari wa mkataba mara kadhaa, kwenda na kurudi, huku kila mzunguko ukiwa mfupi kuliko uliotangulia. Watengeneza soko wakiwa upande wa deni, mizunguko huongezeka badala ya kufifia.

Ikiwa hisa imo na mahitaji ni makubwa kuliko ukuta wa opsheni, panga kwa kuufuata mnada, na usitegemee utulivu wa mchana kuwa ahadi ya utulivu wa jioni. Soko la New York huacha kupokea oda za kawaida za bei ya kufunga dakika kumi kabla ya kufunga, na Nasdaq dakika tano kabla. Kuanzia dakika ya kumi kabla ya kufunga, yote mawili hutangaza upande upi umezidi na kwa hisa ngapi. Takwimu hiyo ndiyo ya kwanza inayoonyesha wawahi wameleta kiasi gani. Kwa aliye Dar es Salaam au Nairobi, kengele ya kufunga hulia saa tano usiku Machi, Juni na Septemba, na saa sita usiku Desemba kwa sababu ya saa za majira ya baridi za Marekani. Asiyetaka kukesha afanye uamuzi wake kabla ya kulala, kwa kuweka oda yenye kikomo cha bei.

Kuna pia jibu la tatu ambalo halihusu lolote kati ya hayo mawili. Watu hupenda kuweka oda kwenye namba kamili, na bei hugota hapo hata kwa hisa zisizo na opsheni. Njia safi ya kutenganisha ni kutazama hisa iliyogawanywa. Tesla ilipogawanya hisa moja kuwa tatu Agosti 2022, mkataba uliokuwa wa dola 700 ukawa wa dola 233.33. Bei ikibanwa kwenye namba kama hiyo siku ya kuisha muda, namba kamili haina la kujibu, na opsheni ndiyo inayoshukiwa. Ikikwama kwenye 235 au 240 wiki isiyo na mikataba mikubwa hapo, mambo ni kinyume. Kwa soko la Nairobi tahadhari hii ni kubwa zaidi: biashara ya mikataba ilipofunguliwa huko Julai 2019 ilianza na mikataba ya siku zijazo, ambayo haina bei ya mkataba ya kubana chochote. Hisa ya Safaricom ikigota kwenye shilingi kamili, tafuta oda za watu, na mwisho wa Februari, Mei, Agosti na Novemba tafuta MSCI, ambayo imeiweka katika faharisi yake ya masoko chipukizi ya awali.

Uangalifu wa pekee unamhusu aliyeuza opsheni ya hisa na sasa anaiona bei imekaa kwenye mstari wa mkataba ikiwa imebaki saa moja. Kwake nguvu hizi mbili hazichaguliwi, kwa kuwa zinakutana katika bei moja. Bei ya kufunga hutengenezwa na mnada ambao mifuko ya faharisi inaweza kuutawala, na bei hiyohiyo ndiyo OCC, shirika linalosimamia utekelezaji wa opsheni Marekani, hutumia kuamua opsheni zipi zitekelezwe moja kwa moja, kuanzia senti moja ya faida. Mchana opsheni zilibana bei kwenye dola 100.00, mnada ukaipeleka 100.60, opsheni ya kununua iliyoonekana itaisha bila thamani sasa itatekelezwa, na aliyeiuza ataamka Jumatatu akiwa amepoteza hisa zake, au akiwa na deni la hisa 100 kwa kila mkataba kama hakuwa nazo. Tena aliyenunua opsheni ana hadi saa kumi na moja na nusu jioni ya New York kutoa maagizo ya kutekeleza au kutotekeleza kinyume na utaratibu huo, wakati bei ya baada ya kufunga imeshasogea na muuzaji hawezi tena kufanya lolote. Hisa ikiwa kwenye orodha ya usawazishaji na bei ikiwa kwenye mstari, senti kumi au ishirini za kuununua mkataba huo na kuufunga kabla dakika kumi za mwisho hazijaanza ni gharama ndogo kuliko zote zilizotajwa humu.